Kupata 92 hakuthibitishi kwamba programu yako inapogoa

Kwa mara nyingine tena nimeletewa programu ya malkia wanane, lile fumbo la kuwapanga malkia wanane kwenye ubao wa sataranji bila wawili wowote kutishiana, ambayo mwandishi wake anaitetea kwa hoja moja tu: imetoa majibu 92, basi inarudi nyuma ipasavyo na kupogoa, yaani kuliacha kila tawi la majaribio mara tu linapoharibika. Hoja hii nimekwisha kuijibu kwa mdomo mara nyingi mno, na leo naiandika ili nisiirudie tena. Majibu 92 yalitolewa na Franz Nauck mwaka 1850, naye hakuwa na kompyuta. Idadi hiyo inaonyesha kwamba sharti lako la ukaguzi ni sahihi, lakini haisemi lolote kuhusu mahali ulipoliweka, na uzito wote wa kazi uko hapo.

Nianze na ubao, kwa haraka, kwa sababu hapa wengi hawakosei. Hatuhifadhi miraba 64. Tunahifadhi orodha `q` yenye nafasi nane, ambamo `q[r]` ni namba ya safu ya wima aliyosimama malkia wa mstari wa mlalo `r`, na namba zote zinaanzia 0. Kwa mpango huu malkia wawili hawawezi hata kuandikwa katika mstari mmoja, kwa hiyo mgongano wa aina hiyo hauhitaji kukaguliwa. Inabaki safu na mishazari tu:

```python
def salama(q, r, c):
    for i in range(r):
        if q[i] == c or abs(q[i] - c) == r - i:
            return False
    return True

def weka(q, r):
    if r == 8:
        return 1
    jumla = 0
    for c in range(8):
        if salama(q, r, c):
            q[r] = c
            jumla += weka(q, r + 1)
    return jumla

print(weka([0] * 8, 0))
```

Katika programu niliyoletewa, ukaguzi ulikuwa umewekwa ndani ya `if r == 8`. Malkia wote wanane wanapangwa kwanza bila kuulizwa swali, kisha ubao uliojaa ndio unaopelekwa kwa hakimu. Programu ya namna hiyo inajaza mbao 16,777,216, yaani 8 kwa kipeo cha 8, na mwishowe inachapisha 92 bila haya yoyote. Iliyo hapo juu inamaliza kazi ileile kwa kuita `salama` mara 15,720. Ukitaka jibu la kwanza pekee, ambalo ni 0, 4, 7, 5, 2, 6, 1, 3, inaiita mara 876. Weka kihesabio ndani ya `salama` uone mwenyewe, maana hiyo ndiyo njia ya kuzitofautisha programu hizi mbili. Kulitazama jibu hakutakusaidia.

Kupogoa mapema kunaruhusiwa kwa sababu moja ambayo ni vyema itamkwe waziwazi: malkia wawili wakishatishiana, hakuna malkia wa tatu ambaye ukimwongeza atauondoa mgongano wao. Kwa hiyo tawi lililoharibika katika mstari wa 3 limeharibika mpaka mwisho, na kulifuata hadi mstari wa 7 ni sawa na kuendelea kulipalilia shamba ambalo umeshaona mbegu zake zimeoza.

Tuchukue mwanzo wa 0, 2, 4, 1. Malkia hawa wanne hawatishiani. Katika mstari wa 4, safu 0, 1, 2 na 4 zimeshikwa. Safu ya 5 iko kwenye mshazari wa malkia wa mstari wa 1, na safu ya 6 kwenye mshazari wa malkia wa mstari wa 2. Zinabaki safu ya 3 na ya 7. Programu inaweka 3, inashuka mstari wa 5, inajaribu safu zote nane na kukataliwa kila mahali. Inarudi, inaweka 7, inashuka tena, inakataliwa tena. Tawi zima linafungwa kwa majaribio 24. Yule anayesubiri ubao ujae atajaza, chini ya mwanzo huohuo, mbao 4,096, na hakuna hata mmoja ulio halali.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi zaidi, nalo ni ile imani kwamba "kurudi nyuma" maana yake ni kufuta. Kila mara ninapoonyesha programu hii huulizwa: mbona hukuandika `q[r] = -1` baada ya kurudi? Sikuandika kwa sababu haihitajiki. Tukitoka kwenye mwanzo wa 0, 2, 4, 1 na kurudi mstari wa 3 ili tujaribu safu ya 6, `q[4]` bado ina 7 iliyobaki kutoka safari iliyopita. Thamani hiyo ni mabaki tu. `salama` inasoma mistari iliyo kabla ya `r` peke yake, na `range(r)` ndiyo inayoamua nani yuko ubaoni na nani hayupo.

Badilisha `range(r)` iwe kitanzi kinachopita mistari yote minane na kuruka mstari wa `r` tu, huku ukitumia `abs(r - i)`, uone mambo. Ukiipa `salama` hiyo orodha ileile yenye mabaki, safu ya 6 ya mstari wa 3 itakataliwa kwa sababu ya ile 7 ya mstari wa 4, yaani kwa sababu ya malkia ambaye hayupo. Kufuta kwa -1 hakuokoi kitu, kwa kuwa hesabu ya mshazari huiona -1 kama safu moja zaidi upande wa kushoto wa ubao. Ukianza na orodha iliyojaa -1, mstari wa 0 utakataa safu zote kuanzia 0 hadi 6 kabla hata malkia mmoja hajawekwa, na itakubaliwa safu ya 7 pekee. Nimewaona watu wakitafuta kosa hili kwa saa nzima ndani ya fomula ya mshazari, ilhali fomula haina neno.

Nakiri kwamba imani hiyo haikuzuka hewani. Ukihifadhi safu na mishazari iliyoshikwa katika orodha tatu za ndiyo na hapana ili ukaguzi usihitaji kitanzi, basi kufuta ni lazima, kwa sababu alama hizo hazijui ziliwekwa na mstari upi. Kosa ni kuichukua kanuni ya mpango ule na kuibandika kwenye huu.

Nina mashaka mawili vilevile. La kwanza ni la istilahi: ile programu inayokagua mwishoni nayo hushuka na kupanda kwa kujiita yenyewe, na sina hakika kwamba nina haki ya kuinyima jina la kurudi nyuma. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba inapogoa. La pili linanigusa mimi mwenyewe. Rudi kwenye 0, 2, 4, 1 uutazame mstari wa 5 kabla ya kuweka chochote katika mstari wa 4: safu ya 3 inatishwa na malkia wa mstari wa 3, ya 5 na wa mstari wa 0, ya 6 na wa mstari wa 1, ya 7 na wa mstari wa 2, na nyingine zimeshikwa. Mstari wa 5 ulikuwa umekufa tangu malkia wa nne alipowekwa, na programu yangu, ninayoisifu kwa kupogoa mapema, haikuliona hilo mpaka ilipojaribu mara 24. Ingeweza kuona kama ingekagua mistari ya mbele kila baada ya kuweka malkia, lakini ukaguzi huo nao una gharama yake, na kwa ubao wa nane kwa nane sijauona ukinilipa.