Toleo si chapa: kuandika maelezo ya kitabu kilichotumika

Mteja wa hapa Malindi akitaka kitabu cha mtumba anakuja, anakishika, anakifungua katikati, anakinusa, anaamua. Mteja wa Amu hana nafasi hiyo. Kitabu chake kinapanda basi hapa, kinapita Garsen na Witu hadi Mokowe, kinavuka kwa boti, na pesa keshanitumia kwa simu tangu jana. Yale niliyoyaandika ndiyo macho na mikono yake. Hasa ni mambo manne: toleo la kitabu, hali yake, alama zilizoandikwa ndani, na kozi kinayoifaa. Nikikosea lile la hali au la alama, mteja ataudhika. Nikikosea la toleo, nitakuwa nimemuuzia kitabu kingine kabisa.

Nilijifunza hilo kwa kitabu cha uhasibu. Kilikuwa kinene, kisafi, na mwaka wa mwisho niliouona ndani ni 2011. Nikaandika: "Uhasibu, toleo la 2011, hali nzuri, shilingi 900." Binti mmoja wa Langoni akakilipia. Siku ya tatu akanipigia simu: "Ami, kitabu kimefika salama, lakini sicho." Mhadhiri wao alikuwa amewapa zoezi la 7.12, na sura ya 7 ya kitabu chake haikufika zoezi la 12. Darasa zima lilitumia toleo la 4. Mimi nilikuwa nimemuuzia toleo la 3, la mwaka 2004, lililochapwa upya 2011. Nikamrudishia pesa zake pamoja na nauli ya kifurushi, nacho kitabu kikavuka tena Mokowe kurudi.

Toleo ni maandishi yenyewe: sura zake, mpangilio wake, mifano na mazoezi yake. Mwandishi akiongeza sura, akaondoa nyingine au akabadilisha mazoezi, linatoka toleo jipya. Chapa ni safari ya mtambo. Nakala zikiisha madukani, mchapishaji anarudi kiwandani na kutoa nyingine kwa maandishi yaleyale, pengine kosa dogo la herufi likisahihishwa. Toleo moja linaweza kuchapwa mara kumi kwa miaka ishirini, na kila mara mwaka mpya unaongezwa ndani ya kitabu. Ndipo muuzaji asiye makini anaposhika mwaka wa mwisho na kuuita toleo.

Pa kusoma ni ukurasa wa hakimiliki, ambao kwa kawaida uko nyuma ya ukurasa wenye jina la kitabu. Usitegemee jalada, maana jalada hubadilishwa rangi bila maandishi kuguswa. Katika ukurasa huo tafuta kwanza mstari unaotaja toleo kwa namba, pamoja na mwaka wake. Chini yake hufuata miaka ya kuchapwa tena, na hiyo ni ya chapa. Vitabu vingine havina miaka hiyo, vina safu ya namba kama hii: 10 9 8 7 6 5. Namba ndogo iliyobaki ndiyo inayosema ni chapa ya ngapi, kwa hiyo hapo ni ya tano. Namba hizo hazisemi lolote kuhusu toleo.

Chukua kitabu ambacho wengi wetu tunacho nyumbani, Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Toleo la kwanza lilitoka 1981, la pili 2004, la tatu 2013. Nakala yenye mwaka wa chapa wa 1998 bado ni toleo la 1981, hata ikiwa inang'aa. Mwanafunzi anayetafuta "tovuti" kwa maana ya intaneti hawezi kuipata humo, kwa sababu maandishi ni ya wakati ambao kitu chenyewe hakikuwepo. Muuzaji anayeandika "Kamusi ya 1998" hajadanganya kuhusu karatasi, ila amemficha mnunuzi kile anachokinunua. Kilicho sawa ni: "toleo la 1 (1981), chapa ya 1998".

Wengi hudhani ISBN, ile namba ya utambulisho ya kitabu, inamaliza ubishi huu. Inasaidia sana, kwa kuwa toleo jipya hupewa namba mpya na chapa ya kawaida hubaki na namba ileile. Lakini uko mtego mmoja. Hadi mwisho wa 2006 ISBN ilikuwa na tarakimu 10, na kuanzia tarehe 1 Januari 2007 ikawa na 13. Kitabu cha zamani kilichochapwa tena baada ya hapo huonyesha namba ndefu, na mtu akilinganisha nakala mbili huona namba tofauti akafikiri ni matoleo tofauti. Tazama mfano huu:

```
0306406152
9780306406157
```

Ni kitabu kilekile. Mbele imeongezwa 978, zile tarakimu tisa za kwanza zimebaki zilivyo, na tarakimu ya mwisho imebadilika kwa sababu hiyo hukokotolewa upya ili kunasa makosa ya kuandika. Kwa hiyo ukilinganisha namba fupi na ndefu, angalia tisa za kwanza za ile fupi na tisa zinazofuata 978 katika ile ndefu. Nami siku hizi kila tangazo langu lina ISBN pamoja na picha ya ukurasa wa hakimiliki. Picha ya jalada ni ya kupendezesha, ile nyingine ndiyo anayoikuza mnunuzi kwenye simu na kusoma mwenyewe.

Sasa hali. "Hali nzuri" ni maneno yasiyomwambia mtu kitu, kwa sababu kila muuzaji ana nzuri yake. Huku pwani mimi huangalia mambo mawili kabla ya mengine: mgongo na ukungu. Vitabu vingi vya chuo vimeunganishwa kwa gundi tu, na joto huikausha ikapasuka. Kiweke kitabu mezani, kifungue katikati, utazame ndani ya bonde la kurasa. Ukiona mstari mweupe wa gundi au karatasi inateleza ukiivuta kidogo, mgongo umeanza kuachia, na lazima useme ni ukurasa gani. Kitabu kilichoshonwa kwa uzi hudumu zaidi, ila karatasi moja ikichanwa, pacha wake aliye upande wa pili wa mshono hulegea naye. Ukikuta ukurasa mmoja umelegea bila sababu, tafuta mwenzake aliyepotea.

Madoa ya kahawia yaliyotapakaa kwenye kurasa za zamani yanaudhi macho, lakini hayapakani. Ukungu ulio hai ni jambo jingine. Huwa kama vumbi au manyoya mepesi, mara nyingi karibu na mgongo na kwenye kingo, na una harufu ya nguo iliyokunjwa mbichi. Pitisha kitambaa cheupe kikavu. Kikitoka na unga wa kijivu au kijani, kitabu hicho usikitume, kwa sababu ukikifunga ndani ya nailoni na kupeleka kisiwani kwenye unyevu uleule, kitaambukiza rafu nzima ya mtu. Kitenganishe na vingine, kikaushe mahali penye hewa, na kikishakauka kikapanguswa, bado sema kwamba kilikuwa na ukungu.

Kuhusu alama, ninafungua ukurasa baada ya ukurasa na kuandika namba kwenye kipande cha karatasi. Kazi hiyo huchukua kama nusu saa kwa kitabu cha kurasa 400, na hakuna njia ya mkato ninayoiamini. Penseli inafutika, kwa hiyo ni doa dogo. Wino haufutiki. Kalamu ya rangi inayong'aa hupenya karatasi nyembamba ikasumbua ukurasa wa nyuma. Kilicho kibaya kuliko vyote ni majibu yaliyoandikwa ndani ya mazoezi, hasa kwa wino, maana mwanafunzi hawezi tena kujipima, na pengine majibu yenyewe si sahihi. Mistari chini ya maneno muhimu naihesabu kuwa nusu hasara, wapo wanaoipenda.

Muhuri nao ni alama. Ukikuta muhuri wa maktaba au wa shule usio na muhuri mwingine wa kukiondoa, kirudishe kwa wenyewe. Vile vitabu ambavyo serikali huvigawa katika shule vimeandikwa humo kwamba ni mali ya serikali na haviuzwi. Hivyo havina tangazo.

Limebaki la kozi, na hapa wauzaji huandika kwa ukarimu mno: "kinafaa wanafunzi wote wa biashara." Kitabu changu kile cha uhasibu kilikuwa na jalada linalotaja CPA, Sehemu ya 1. Mpangilio huo wa sehemu ulikuwa wa mtaala wa zamani wa KASNEB, bodi inayotahini wahasibu. Mwaka 2021 mtaala ulirekebishwa, na sasa CPA ina ngazi ya msingi, ya kati na ya juu. Na si majina tu yaliyobadilika. Sura yake ya mali za kukodi ilifuata kiwango cha kimataifa cha IAS 17, ambacho nafasi yake ilichukuliwa na IFRS 16 kuanzia tarehe 1 Januari 2019. Mtahiniwa akijibu kwa sura hiyo, atakuwa anajibu sheria iliyokwisha. Upande mwingine, sura za mwanzo za debiti na krediti, daftari la fedha na urari wa hesabu zinafundisha mambo ambayo hayajabadilika. Anayetaka kujifunza kuweka hesabu za duka lake hakosi kitu humo.

Kitabu kiliporudi kutoka Amu nilikaa nacho jioni moja nikakiandikia upya:

"Uhasibu wa msingi, Kiingereza. Toleo la 3 (2004), chapa ya 2011, kurasa 412. SI toleo la 4, namba za mazoezi ni tofauti. ISBN na ukurasa wa hakimiliki viko kwenye picha. Gundi, mgongo umepasuka kidogo uk. 208, hakuna ukurasa uliotoka. Hakina ukungu, madoa ya kahawia kwenye kingo. Mistari ya penseli uk. 15–62. Rangi ya njano uk. 90–97, imepenya. Majibu kwa wino katika mazoezi mawili, uk. 131 na 133. Jina la mwenyewe wa kwanza ukurasa wa mbele. Kilitumika kwa CPA ya mtaala wa kabla ya 2021. Kwa mtihani wa sasa usikitegemee, sura ya 18 (ukodishaji) imepitwa. Sura ya 1 hadi ya 9 zinafaa anayeanza kujifunza kuweka hesabu. Shilingi 350."

Kilinunuliwa na kijana mwenye duka la vifaa vya ujenzi Gede. Aliniuliza swali moja tu, kama uk. 133 unasomeka chini ya ule wino. Nikaupiga picha, nikamtumia, akaja kukichukua.