Wasifu wa kazi wa mpiga picha ni nini?

Wasifu wa kazi ni maelezo mafupi ambayo mpiga picha au msanifu humwekea mteja asiyemjua. Ndani yake mna kiungo cha jalada la kazi zake, maneno machache kuhusu anavyofanya kazi, na matokeo waliyoyapata wateja waliomlipa. Haufanani na wasifu wa kuombea ajira. Mwenye nyumba ya wageni pale Shela, Lamu, haulizi ulisoma wapi. Anataka kujua vyumba vyake vitatokaje.

Kiungo kina kosa moja linalojirudia: jalada liko Google Drive na mteja akibonyeza anaambiwa aombe ruhusa. Wewe huwezi kuliona kosa hilo kwa sababu simu yako imeshaingia kwenye akaunti. Azima simu ya mtu mwingine ujaribu.

Kuhusu njia ya kazi, taja jambo ambalo mteja mwenyewe atalitambua. Nyumba za mawe za Lamu zina kuta nene na vyumba vyembamba, kwani upana wa chumba hufuata urefu wa boriti za mikoko. Mwanga mwingi hutoka kiwandani, ule uwanja wa ndani usioezekwa. Ukipima mwanga wa kiwandani, zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zinazama gizani. Ukipima wa zidaka, kiwanda kinageuka weupe mtupu. Kwa hiyo andika hivi: “Huja siku moja kabla nione jua linaingia saa ngapi. Kamera naiweka juu ya stendi, napiga picha tatu za mwanga tofauti bila kuisogeza, kisha naziunganisha.” Sentensi hizo mbili zinatosha.

Matokeo ndiyo sehemu ngumu, na hapo ndipo nawaona wengi wakiandika tu “wateja waliongezeka”. Kutoka wangapi, lini? Tuseme nyumba iliulizwa na watu 9 mwezi wa Juni, ukapiga picha Julai, na Agosti wakauliza 20. Usijisifie. Juni wageni ni wachache, na Agosti ni likizo ya Wazungu. Wangeongezeka hata kwa picha za zamani. Linganisha Agosti na Agosti ya mwaka uliopita.

Hata hapo kuna mtego. Maulidi ya Lamu hufuata mwezi mwandamo, mfunguo sita, na kila mwaka hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 hivi katika kalenda ya kawaida. Mwezi uliojaa wageni mwaka jana huenda mwaka huu ukawa mtupu. Muulize pia mwenye nyumba kama alishusha bei, na kama anaridhia hesabu zake zisomwe na watu.

Kwa mfano wetu, yakiwa yote yamepimwa, mstari ungekuwa: “Nyumba ya vyumba vinne, Shela. Agosti kabla ya picha waliuliza 14, Agosti iliyofuata 20. Bei haikubadilika, na Maulidi hayakuangukia mwezi huo miaka yote miwili.”