Faida ya bilioni 10, hasara ya bilioni 22: kusoma ripoti ya Kenya Airways ya 2023

Kenya Airways ilipotangaza matokeo ya mwaka 2023, watu wawili waliweza kusoma taarifa ile ile wakatoka na habari mbili. Mmoja aliona faida ya uendeshaji, yaani inayobaki kabla ya kukata riba na kodi ya serikali, ya shilingi bilioni 10.5, baada ya miaka mingi ya shirika kuendesha ndege kwa hasara. Mwingine aliona hasara ya shilingi bilioni 22.7 baada ya kodi. Namba zote mbili ni sahihi na zimo kwenye ripoti moja. Kazi yangu ni kuchambua hesabu za kampuni zilizo kwenye soko la hisa la Nairobi, na nikitaka kumwelekeza mtu namna ya kusoma ripoti ya mwaka huwa naanza na hii. Pengo la bilioni 33 kati ya namba hizo halieleweki mpaka usome kwa pamoja maneno ya wakurugenzi, maoni ya mkaguzi na tanbihi za hatari, yaani maelezo yanayofuata nyuma ya hesabu.

Ripoti ya mwaka imepangwa ili uanze na wakurugenzi. Kurasa za mbele zina picha nzuri, barua ya mwenyekiti wa bodi na tathmini ya mkurugenzi mkuu. Mimi huzipita kwanza nikaenda kwa mkaguzi, kisha kwenye tanbihi, ndipo nirudi mbele. Ukianza na wakurugenzi, watakuwa wameshakuchagulia namba ya kuangalia kabla hujaona nyingine.

Wasomaji wengi wanaifahamu lugha ya ukaguzi kupitia ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali ya Tanzania: hati inayoridhisha, hati yenye shaka, hati isiyoridhisha, na pale mkaguzi anaposhindwa kutoa maoni. Ngazi hizo ndizo zinazotumika pia kwa kampuni za biashara. Tatizo ni kwamba wengi wakiona hati inayoridhisha hufunga ukurasa, wakidhani kampuni ni nzima. Hati hiyo inasema jambo moja tu: hesabu zimeandaliwa kwa kufuata kanuni na zinaonyesha hali halisi kwa kiwango kinachoridhisha. Ikiwa hali halisi ni mbaya na hesabu zimeionyesha vile ilivyo, hati bado itakuwa inayoridhisha.

Ndivyo ilivyo kwa Kenya Airways. Mkaguzi hakutilia shaka hesabu zenyewe, lakini chini ya maoni yake kuna kifungu chenye kichwa chake, kinachosema kuna mashaka makubwa kuhusu uwezo wa kampuni kuendelea na biashara. Kifungu hicho kinatakiwa na viwango vya kimataifa vya ukaguzi pale mkaguzi anapoona mambo yanayoweza kuifanya kampuni ishindwe kujiendesha, na wakurugenzi wamekwisha kuyaeleza vya kutosha kwenye tanbihi zao. Wangeyaficha, hapo ndipo hati yenyewe ingebadilika. Kwa hiyo kifungu hiki kinakupa anwani: kinataja namba ya tanbihi, nawe uende ukaisome yote.

Kwenye tanbihi hiyo utakuta mambo matatu ambayo hujirudia katika kampuni zenye shida ya aina hii. Kwanza, hasara ya mwaka. Pili, madeni yanayodaiwa ndani ya mwaka mmoja kuzidi mali inayoweza kugeuzwa pesa ndani ya mwaka huo huo. Tatu, mtaji hasi, yaani madeni yote kuizidi mali yote, na kwa shirika hili pengo lilikuwa zaidi ya shilingi bilioni 100. Baada ya hayo wakurugenzi wanaeleza kwa nini bado wameandaa hesabu kana kwamba kampuni itaendelea: mpango wa kufufua shirika walioupa jina la Kifaru, mazungumzo na wadai, kutafuta mwekezaji mpya na msaada wa serikali, ambayo ndiyo mwenye hisa mkubwa kuliko wote.

Hapo soma polepole, na angalia hali ya kila kitenzi. “Serikali imetoa” na “serikali imeahidi” ni mbali na “wakurugenzi wanatarajia serikali itatoa”. Mimi huchukua penseli nikaweka alama kwenye kila kilichokwisha kutokea na alama tofauti kwenye kila kinachotarajiwa. Kisha natoa ripoti ya mwaka uliotangulia nikaweka tanbihi mbili ubavuni. Matarajio yale yale yakirudi kwa maneno yale yale, na hakuna hata moja lililohamia upande wa yaliyotokea, basi mpango haujasogea, hata kama barua ya mwenyekiti imejaa furaha.

Sasa tuje kwenye pengo lenyewe. Wakurugenzi waliieleza kwa ukweli hasara ya mwaka huo: kwa sehemu kubwa ilitokana na kuporomoka kwa shilingi ya Kenya. Mwisho wa 2022 dola moja ilikuwa kama shilingi 123. Mwisho wa 2023 ilikuwa karibu 157. Shirika la ndege hukodi ndege na hukopa kwa dola, lakini Kenya Airways huandika hesabu zake kwa shilingi. Kanuni ya uhasibu iitwayo IAS 21 inataka deni la dola lihesabiwe upya kwa bei ya dola ya siku ya mwisho wa mwaka, na tofauti iingie kwenye hesabu za mwaka huo.

Tuchukue mfano wa namba nyepesi, si namba za shirika. Kampuni ina deni la dola milioni 500. Kwa shilingi 123, deni hilo ni bilioni 61.5. Kwa shilingi 157, ni bilioni 78.5. Hakuna dola iliyoongezeka na hakuna aliyelipa chochote, ila deni kwa shilingi limekua kwa bilioni 17 na hasara ya bilioni 17 imeandikwa. Ndiyo maana wakurugenzi husema kwamba sehemu kubwa ya hasara ya aina hii ni ya kwenye vitabu. Wana hoja. Shirika hupata mapato mengi kwa fedha za kigeni pia, na mapato hayo yatakuja kidogo kidogo kwa miaka, wakati hasara imeandikwa yote mara moja.

Lakini kuna jambo ambalo barua za mwanzo huligusa juu juu tu, nalo ndilo ninalotaka msomaji alielewe kuliko yote. Faida ya uendeshaji ya shirika la ndege haibebi malipo yote ya kukodi ndege. Kabla ya 2019, mashirika mengi yaliandika malipo ya kukodi ndege kama gharama ya kawaida, na yote yalikatwa kabla ya kufika kwenye faida ya uendeshaji. Tangu kanuni ya IFRS 16 ianze, ndege iliyokodiwa kwa muda mrefu huandikwa kama mali, na malipo yote yajayo ya kuikodi huandikwa kama deni. Gharama inagawanyika: uchakavu wa mali hukatwa juu ya mstari wa faida ya uendeshaji, ila riba ya deni hukatwa chini yake. Hasara ya kubadilika kwa dola kwenye deni hilo nayo hukaa chini. Kwa hiyo mtu anayesema shirika limepata faida ya bilioni 10.5 kwa kurusha ndege amesahau kwamba sehemu ya malipo ya kukodi ndege hizo bado haijakatwa, na sehemu hiyo si ya vitabuni. Inalipwa kila mwezi kwa dola.

Ukitaka kuipata, fungua tanbihi ya gharama za fedha. Kuna mstari wa riba ya mikopo, mstari wa riba ya ukodishaji na mstari wa tofauti za fedha za kigeni. Acha huo wa mwisho, kata hiyo miwili ya riba kutoka kwenye faida ya uendeshaji, ndipo uone kama biashara yenyewe inajilipia ndege zake. Hesabu hiyo ya dakika chache inasaidia kuliko kurasa zote za mwanzo.

Baada ya hapo nenda kwenye tanbihi ya usimamizi wa hatari za kifedha, ambayo kwa kawaida ni miongoni mwa tanbihi ndefu. Inatakiwa na IFRS 7, na mna vitu viwili ndani yake visivyopaswa kurukwa. Cha kwanza ni jaribio la unyeti. Kampuni inasema: shilingi ikidhoofika kwa asilimia kadhaa, mara nyingi 5 au 10, faida yetu itapungua kwa kiasi hiki. Namba hiyo ni zawadi, lakini usiichukue ilivyo. Mwaka 2023 dola haikupanda kwa asilimia 5 wala 10, ilipanda kwa zaidi ya 25. Aliyekuwa na jaribio la asilimia 10 la ripoti ya 2022 mkononi angezidisha mara mbili na nusu, akapata picha ya karibu ya pigo lililokuwa likija kabla matokeo hayajatangazwa. Bei ya dola ilikuwa ikichapishwa na Benki Kuu ya Kenya kila siku ya kazi.

Cha pili ni jedwali la muda wa kulipa madeni. Linapanga madeni kwa safu: yanayotakiwa ndani ya mwaka mmoja, ya kati ya mwaka mmoja na mitano, na ya baadaye. Namba zake huwa kubwa kuliko za mizania, kwa sababu zinajumuisha riba ambayo bado haijafika. Chukua safu ya kwanza tu, uilinganishe na fedha taslimu iliyopo na fedha iliyotokana na uendeshaji mwaka huo, kutoka kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha. Fedha hizo zikiwa pungufu kuliko safu ya kwanza, lazima mtu aongeze muda, akopeshe au aweke mtaji. Huyo mtu ndiye uliyemsoma kwenye tanbihi ya kuendelea na biashara. Tanbihi hizi mbili zinaongea, na ajabu ni kwamba hakuna ukurasa wa mbele unaoziunganisha.

Yaliyofuata yanasaidia kupima usomaji huu. Mwaka 2024 shilingi ilipanda, dola ikarudi karibu na 129, na Kenya Airways ikatangaza faida ya bilioni 5.4 baada ya kodi, ya kwanza baada ya zaidi ya muongo. Aliyeelewa ripoti ya 2023 alijua kwamba upepo ule ule wa dola ulikuwa umegeuka, na angetazama kwanza faida ya uendeshaji, iliyopanda hadi bilioni 16.6, kisha riba. Mtaji ulibaki hasi kwa zaidi ya bilioni 100. Kisha nusu ya kwanza ya 2025 ikaleta hasara ya zaidi ya bilioni 12, wakati huu bila dola kulaumiwa: ndege tatu za Boeing 787 zilikuwa chini kwa kukosa injini, mapato yakashuka, na gharama za ndege hizo zikaendelea kuhesabiwa japo hazikuwa zikiruka.

Tanbihi ya hatari za kifedha haikuwa na safu ya injini. Hatari ya aina hiyo iko mbele, kwenye sura ya wakurugenzi kuhusu hatari za biashara, na ndiyo sababu ya kurudi kwao baada ya kumaliza nyuma. Huko tafuta idadi ya ndege zilizopo, idadi ya zinazoruka, na kama wametaja tarehe ya zile zilizosimama kurudi angani.