Mfanyakazi mwenye selimundu na siku zake za ugonjwa

Malalamiko ya wafanyakazi wa hoteli kukatwa mshahara kwa "kutoroka kazi" yameongezeka kwenye meza zetu hapa Malindi. Moja lilikuja na nakala ya ujumbe ambao mpokezi wa wageni alimwandikia meneja wake. Ametuidhinisha tuutumie, bila jina lake wala la hoteli:

"Salaam Bi. Meneja. Nina selimundu tangu utotoni. Maumivu yakinishika huanzia mapajani na kiunoni, kama mtu anayeusaga mfupa kutoka ndani. Huja kwa saa chache tu. Naweza kumaliza zamu ya jioni nikicheka na wageni, na ikifika alfajiri siwezi kuvaa viatu. Hudumu siku mbili au tatu, mara nyingine wiki. Hunijia zaidi baridi ya kusi ikianza, au nikikaa chini ya kiyoyozi bila kunywa maji. Naomba nisitakiwe barua ya daktari kwa siku ya kwanza na ya pili, nibadilishane zamu na mwenzangu, na meza yangu isogezwe."

Alijibiwa kwamba jana yake alionekana mzima.

Bila shaka alionekana mzima. Chembe nyekundu za damu yake hugeuka umbo la mundu zikikosa oksijeni au mwili ukikauka maji. Zikisongamana kwenye mishipa myembamba, mfupa hukosa damu, na hapo ndipo maumivu. Kwa nje mara nyingi hakuna uvimbe wala jeraha. Kwa hiyo kumtazama mtu usoni hakuthibitishi chochote, na tungeomba mameneja wenzetu waache kulitumia hilo kama ushahidi. Wengine hata hutuambia maumivu hayo huletwa na majini.

Sasa sheria. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 humpa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, kisha 7 kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Lazima amjulishe mwajiri mapema awezavyo na alete cheti. Si lazima cheti kitoke hospitali kubwa: chaweza kutiwa sahihi na daktari aliyehitimu au, kwa niaba yake, na msimamizi wa zahanati. Hili tumelieleza mara nyingi mno.

Tuchukulie mpokezi huyu anapata shilingi 26,000 kwa siku 26 za kazi, yaani 1,000 kwa siku. Akishikwa mara nne kwa mwaka, siku tatu kila mara, ni siku 12. Saba atalipwa zote, tano nusu, hivyo atapungukiwa shilingi 2,500. Akishikwa mara ya tano, siku mbili zilizobaki za nusu zitaisha na ya tatu haina malipo, isipokuwa wakubaliane aitoe kwenye likizo yake ya mwaka, ambayo haipungui siku 21 za kazi. Hesabu ndiyo hiyo. Mwajiri hafilisiki, ila mfanyakazi anaishiwa haraka, na ndiyo maana kubadilishana zamu kuna thamani kubwa kuliko inavyoonekana.

Ombi la cheti ndilo gumu. Maumivu mengi hutulizwa nyumbani kwa dawa, maji mengi na joto, na kumpandisha mgonjwa bodaboda ili akapate karatasi tu ni kumwongezea mateso. Lakini asipokuwa na cheti, kwa sheria mwajiri aweza kukataa kulipa. Sheria huweka kiwango cha chini, haimzuii mwajiri kutoa zaidi. Njia tunayoshauri: barua moja kutoka kliniki yake ieleze ugonjwa na namna unavyomjia, iwekwe kwenye faili. Kisha mwajiri akubali kwa maandishi kwamba ujumbe wa simu kabla ya zamu watosha kwa siku mbili za kwanza, na kuanzia ya tatu aletewe cheti. Kama makubaliano yanagusa masharti ya mkataba, kifungu cha 10(5) hutaka mkataba urekebishwe kwa kushauriana na mfanyakazi aarifiwe kwa maandishi. Makubaliano ya mdomo ndiyo hutuletea kesi.

Kwa upande wa mfanyakazi: kunyamaza ndiko kunakompa mwajiri hoja. Kukosa kazi bila ruhusa wala sababu halali ni kosa kubwa chini ya kifungu cha 44. Hata hivyo, kabla ya kumwachisha kazi, iwe kwa kosa au kwa kushindwa kwa mwili, kifungu cha 41 hutaka aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu, mbele ya mwenzake anayemchagua, na asikilizwe. Mwajiri akiiruka hatua hiyo, mahakama yaweza kumtoza fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Kila shauri, bila shaka, huamuliwa kwa ushahidi wake.

Kiyoyozi hakihitaji kifungu. Meza ya mpokezi ilisogezwa hatua nne, akapewa na chupa ya maji.

Akiwa kazini akapata homa, maumivu ya kifua, pumzi kukata au upande mmoja kulegea, msingoje zamu iishe. Mpakieni tuktuk apelekwe hospitali, cheti kitafuata.