Pengo la nishati la moja kwa moja na lisilo la moja kwa moja: kwa nini silikoni haiangazi vizuri

Ndani ya fuwele ya semikondakta kuna kanda mbili za nishati: ukanda wa chini uliojaa elektroni, na ukanda wa juu ambao karibu uko mtupu. Katikati hakuna elektroni inayoruhusiwa kukaa, na nafasi hiyo ndiyo pengo la nishati. Kwenye joto la kawaida la chumba, pengo la silikoni ni elektroni-volti 1.12, na la galiamu asenidi ni 1.42. Elektroni ya juu ikishuka na kujaza tundu lililo chini, yaani nafasi iliyokosa elektroni, nishati hiyo haina budi kwenda mahali. Ikitoka kama fotoni, ni mwanga. Ikiishia kwenye mtikisiko wa atomu, ni joto tu.

Kwa hesabu ya nishati peke yake, silikoni ingeangaza bila shida kwa infraredi ya nanomita 1,100 hivi. Lakini si nishati tu inayotakiwa kulingana kabla na baada ya kushuka. Momenta, yaani kiasi cha mwendo, nayo ni lazima ilingane. Chora grafu: nishati kwenye mhimili wima, momenta kwenye mhimili mlalo. Ukanda wa chini utaonekana kama kilima na wa juu kama bonde. Katika galiamu asenidi, sehemu ya chini kabisa ya bonde iko juu ya kilele cha kilima, vyote viwili vikiwa kwenye momenta sifuri, kwa hiyo elektroni inashuka wima. Hilo ndilo pengo la moja kwa moja. Katika silikoni kilele kiko palepale kwenye sifuri, lakini bonde limesogea kando, karibu asilimia 85 ya njia ya kufika kwenye mpaka wa momenta ambao fuwele yenyewe inauweka.

Fotoni haiwezi kuziba umbali huo. Momenta yake hupungua kadiri urefu wa wimbi unavyoongezeka, na hapa wimbi lina nanomita 1,100. Mpaka wa fuwele unatokana na kipimo kidogo zaidi, nanomita 0.54, ambao ni upana wa kijumba kimoja cha atomu za silikoni. Gawanya, kisha chukua asilimia 85: elektroni inatakiwa kuachana na momenta kubwa kuliko ya fotoni kwa takriban mara 1,700.

Anayeweza kuubeba mzigo huo ni fononi, yaani mtikisiko wa fuwele. Yeye ni kinyume cha fotoni: momenta tele, nishati kidogo, kama elektroni-volti 0.06. Basi katika silikoni mwanga hutoka pale tu elektroni, tundu na fononi vinapohusika katika tukio moja, na hilo hutokea kwa nadra sana.

Unadra peke yake usingekuwa tatizo kama elektroni ingekuwa na muda wa kusubiri. Tuseme kila sentimita ya ujazo ina elektroni 10^17 na matundu idadi hiyohiyo. Katika silikoni, elektroni itasubiri takriban milisekunde 2 kabla ya kutoa fotoni. Katika galiamu asenidi, nanosekunde 15 hivi. Sasa weka kasoro. Atomu ya chuma iliyopenya kwenye fuwele, au ufa mdogo, huinasa elektroni na kuigeuza nishati yake kuwa joto. Kama kasoro za silikoni huinasa elektroni yetu ndani ya mikrosekunde 10, elektroni moja tu kati ya 200 ndiyo itakayoangaza. Galiamu asenidi inaweza kuwa chafu kiasi cha kunasa ndani ya nanosekunde 100, na bado takriban saba kati ya nane zikatoa mwanga.

Kwa hiyo silikoni si giza kabisa, na mwanga wake hafifu una kazi. Mafundi wanaokagua paneli za sola huipitishia paneli umeme usiku na kuipiga picha kwa kamera ya infraredi. Silikoni nzima hung'aa, kilele kikiwa karibu nanomita 1,150, kwa sababu fononi imekata fungu lake la nishati. Sehemu iliyotengwa na ufa hubaki nyeusi hata kama kioo cha juu hakina mkwaruzo.

Wala pengo lisilo la moja kwa moja si hukumu ya mwisho. Galiamu fosfidi ina pengo la aina hiyohiyo, lakini kwa miaka mingi ilitumika kutengeneza taa ndogo za LED za kijani. Siri ilikuwa kuichanganya na nitrojeni kidogo. Atomu ya nitrojeni huikamata elektroni na kuibana kwenye nafasi finyu mno, na kwa kanuni ya Heisenberg, kitu kilichobanwa hivyo hakiwezi kuwa na momenta moja mahususi. Momenta yake hutawanyika mpaka sehemu yake ikafika sifuri, na kwa sehemu hiyo elektroni hushuka bila kuhitaji fononi.