Kubanwa dau: kampuni ya kubeti inakusoma vipi

Kubanwa dau ni pale kampuni ya kubeti inapokuwekea kikomo chako peke yako. Wiki iliyopita uliweka 100,000 kwenye mechi bila shida. Leo ukiandika 100,000 ile ile, skrini inajibu kwamba mwisho wako ni 14,285. Mwenzako mliyekaa naye kibarazani hapo Ligula, mechi ile ile, dakika ile ile, anaruhusiwa kuweka laki tano. Akaunti yako haijafungwa, pesa unatoa kama kawaida, na hakuna meseji yoyote iliyokuja kukueleza.

Watu wengi huamini kwamba hiyo ni adhabu ya kushinda sana. Hapo kuna kitu hakijakaa sawa. Mtu anaweza kupiga mkeka wa mechi 14, akavuta milioni nne, na kampuni isimguse. Tena kesho yake itamtumia bonasi ili arudi. Na mwingine anaweza kubanwa huku hesabu yake ya miezi miwili iko chini, yaani amepoteza. Kampuni haiangalii sana umevuna kiasi gani. Inaangalia ulinunua kwa bei gani.

Mtu wa Newala au Masasi ataelewa haraka kwa korosho. Tuseme kuna mtu amepita vijijini kabla ya msimu, amenunua kwa kangomba kwa 2,000 kilo, halafu mnada ukafunga kwa 3,000. Huna haja ya kusubiri korosho zibanguliwe ili ujue kwamba yule kanunua rahisi. Bei ya mnada imekwisha kukuambia. Kwenye kubeti, mnada ni odi ya mwisho, ile inayosimama pale mpira unapoanza. Hadi dakika hiyo habari zote zimeshaingia ndani yake: kikosi kimetoka, majeruhi wamejulikana, na pesa za wachezaji wenye akili zimeshaisukuma juu au chini. Ndiyo bei iliyo karibu zaidi na ukweli. Kila dau lako linahifadhiwa pamoja na odi uliyoichukua, na mechi ikianza mfumo unalinganisha hizo mbili.

Chukua mfano wa kubuni. Namungo inacheza nyumbani Ruangwa Jumamosi saa kumi jioni. Jumatano kampuni inatoa odi ya Namungo kushinda 2.40. Wewe uko Lindi, unafuatilia Ligi Kuu Bara kwa karibu, na umesikia kwamba timu ngeni inakuja bila kipa wake wa kwanza. Unaweka 10,000 hapo hapo. Alhamisi habari inasambaa, na hadi Jumamosi odi zimesimama hivi: Namungo 2.10, sare 3.10, mgeni 3.60.

Sasa hesabu. Gawa 1 kwa kila odi, upate asilimia 47.6, 32.3 na 27.8. Jumla yake ni karibu 107.7. Ile 7.7 iliyozidi mia ndiyo faida ambayo kampuni imejiwekea ndani ya bei. Ukiiondoa kwa kugawa 47.6 kwa 1.077, unabaki na asilimia 44.2, ambayo ndiyo nafasi halisi ya Namungo kadiri soko linavyoona. Zidisha 0.442 kwa 2.40 uliyoichukua Jumatano, unapata 1.06. Maana yake kila 10,000 unayoweka kwa bei ya namna hiyo, kwa wastani inarudi 10,600. Aliyechelewa akachukua 2.10 anapata 0.93, yaani kwa wastani anaiachia kampuni shilingi 700 kwa kila 10,000. Mechi ni moja na timu ni moja, lakini mmoja anakula kampuni na mwingine analiwa.

Zingatia kwamba matokeo ya Jumamosi hayajaingia popote kwenye hesabu hiyo. Namungo ikifungwa, bado wewe ulinunua rahisi. Ndiyo sababu kampuni haisubiri uwe tajiri. Mtu mwenye faida ya asilimia sita akipiga madau 50 ya odi 2.40, bahati peke yake inaweza kumweka kwenye hasara. Hilo hutokea zaidi ya mara tatu katika kila kumi. Kwa kuangalia mfuko wake huwezi kumtofautisha na mtu wa bahati. Kwa kuangalia odi, madau machache tu yanatosha kuleta mashaka. Ukikuta kati ya madau 50, 42 yalichukuliwa kwa bei ambayo baadaye ilishuka, huyo habahatishi.

Geuza upande wa pili, kwa yule wa mkeka. Kila mechi anayoongeza anaibeba ile 0.93 na kuizidisha. Mechi kumi ni 0.93 mara yenyewe mara kumi, inayotoa karibu 0.48. Katika kila 1,000 ya mkeka huo, kampuni kwa wastani inabaki na zaidi ya 500. Milioni nne zake ni gharama ya tangazo: picha ya mkeka inazunguka kwenye magrupu ya Mtwara nzima na watu mia wanaweka jero jero. Huyo ni mteja wa kulelewa.

Odi ya mwisho ni ushahidi mkubwa, ila mfumo hausubiri hiyo tu. Siku ya kwanza unapojisajili unaanza kupimwa kwa tabia. Anayebeti timu yake, Simba au Yanga, Jumamosi na Jumapili, kwa 1,000 au 2,000, akichanganya na ligi ya Uingereza, na katikati ya wiki akacheza kindege, anawekwa kundi la burudani. Anayeingia Jumatatu asubuhi odi zikiwa mbichi, anachagua kona au kadi za ligi ya daraja la pili la nchi asiyoishi, anaweka mechi moja moja tu, hagusi michezo ya kasino, na dau lake ni 18,430 badala ya 20,000, anawekwa kundi la kuchunguzwa. Dau lenye chenji namna hiyo linaonyesha kwamba kuna mtu kakokotoa, mara nyingi anayegawa pesa kampuni mbili ili apate faida timu yoyote ishinde. Anayetokea tu siku za bonasi na kuondoka naye ana kundi lake, na yeye mara nyingi ananyimwa bonasi kabla hajabanwa dau. Ligi ndogo zinaangaliwa kwa jicho kali zaidi kwa sababu huko kampuni ndiyo yenye habari chache. Ligi ya Uingereza haina siri ya kipa inayofika Lindi kabla haijafika kwa wapanga odi.

Kubana kwenyewe mara nyingi kunafanyika kwa namba moja tu. Kila soko, yaani kila aina ya dau kwenye mechi, lina kiasi cha juu ambacho kampuni iko tayari kupoteza kwa mteja mmoja, tuseme 2,000,000. Kila mteja naye ana kizidishio chake. Mteja wa kawaida ana 1, anayetiliwa mashaka anashushwa hadi 0.25, aliyeshajulikana 0.01. Ukiwa na 0.01, kampuni iko tayari kupoteza kwako 20,000 tu. Kwa odi 2.40 faida ni 1.40 kwa kila shilingi, kwa hiyo dau lako la juu ni 20,000 gawa kwa 1.40: ile 14,285 tuliyoiona mwanzoni.

Hapo ndipo unapoweza kujipima mwenyewe. Andika dau kubwa kwenye odi tatu tofauti za mechi kubwa, usithibitishe, soma tu kikomo unachopewa. Ukipata 25,000 kwenye odi 1.80, 14,285 kwenye 2.40 na 5,000 kwenye 5.00, toa moja kwenye kila odi kisha zidisha kwa dau: zote zinarudi 20,000. Hicho ni kizidishio. Kampuni nyingine hukokotoa kwa malipo yote badala ya faida, basi hapo zidisha dau kwa odi nzima. Kisha mwombe mwenzako afungue mechi zile zile kwenye simu yake. Akipewa kikomo kama chako, ni soko lenyewe lililobanwa, jambo la kawaida odi zikiwa mpya au mechi ikiwa ndogo. Akipewa mara mia yako, ni wewe.

Wengi wakishajua wanakimbilia laini ya shemeji. Inadumu siku chache. Simu ni ile ile, mtandao ni ule ule, na hata ukibadilisha vyote, madau ni yale yale: akaunti tatu zikichukua kona za mechi moja ya mbali ndani ya dakika nne, mfumo unazifunga fundo moja na zote zinarithi 0.01. Ubaya zaidi, masharti ya karibu kila kampuni yanakataza kutumia akaunti ya mtu mwingine, kwa hiyo umeipa sababu ya kuzuia hata kile ulichoshinda. Kibandani unakolipa taslimu hakuna akaunti, lakini mashine ina namba yake, na kibanda kimoja cha Mtwara kikianza kupokea singo za laki kwenye ligi za mbali, kikomo kinashushwa kwa kibanda kizima.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini wasirekebishe odi badala ya kumfukuza mjanja. Wapo wanaofanya hivyo. Pinnacle inajulikana duniani kwa kupokea madau makubwa ya washindi na kuyatumia kusogeza bei zake, kwa faida ndogo ndani ya odi. Lakini hiyo inahitaji wapanga odi wake wenyewe. Kampuni nyingi zinanunua odi kwa wauzaji wa data na kuziongezea faida yao; pesa yao inatoka kwenye mikeka. Kwao mtu mmoja anayenunua 2.40 kabla haijawa 2.10 hawapi habari wanayojua kuitumia, anawapa hasara tu. Namba moja kwenye mfumo ni rahisi kuliko kuajiri wataalamu.

Usichanganye hilo na kunyimwa malipo. Kikomo kinahusu dau ambalo bado hujaliweka, na masharti uliyoyakubali ulipojisajili kwa kawaida yanairuhusu kampuni kukataa au kupunguza dau lolote. Dau lililokwisha kupokelewa na kupewa namba ya mkeka ni jambo lingine. Likishinda na pesa isije, piga picha ya mkeka ukionyesha namba na muda, tunza meseji ya muamala, andikia huduma kwa wateja ili jibu liwe kwa maandishi, na wakikataa bila sababu peleka vitu hivyo Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, ndiyo inayotoa leseni zao.