Je, wajua dola zako hukatwa wapi kabla ya kufika Mwanza?

"Mteja wangu wa Ujerumani anasema ametuma dola 300 kamili, lakini benki yangu hapa Mwanza imeniingizia pungufu, tena baada ya siku sita. Zilizobaki zimekwenda wapi, na je, kuna njia nyingine ya kulipwa?"

Aliyeniuliza ni dada wa Nyegezi anayeishi kwa kazi ya tafsiri, na jibu lake ni kwamba fedha hizo zilikatwa mara tatu, katika sehemu tatu tofauti, ilhali karatasi aliyopewa kaunta ilionyesha makato ya sehemu moja tu.

Ujumbe wa malipo husafiri kupitia mtandao wa SWIFT, lakini dola zenyewe hazisafiri. Benki ya Ujerumani na benki ya Tanzania kwa kawaida hazina akaunti baina yao, kwa hiyo malipo ya dola hupitia benki ya tatu, mara nyingi ya New York, ambayo hupunguza salio la upande mmoja na kuongeza la upande wa pili. Benki hiyo ya kupitishia hailipwi na yeyote kwa mkono. Hujikatia ada yake humo humo ndani ya fedha zinazopita. Nani abebe gharama hiyo huamuliwa na herufi tatu ambazo mteja huchagua anapojaza fomu ya kutuma. OUR maana yake mtumaji hulipa ada zote, BEN maana yake mpokeaji hulipa zote, na SHA maana yake kila mmoja hulipa za upande wake. Mteja asipoambiwa kitu, mara nyingi huacha SHA, kisha husema kwa haki kabisa kwamba ametuma 300.

Ushahidi wa jambo hili upo, ila ni lazima uuombe. Mwambie mteja aiombe benki yake nakala ya ujumbe wa malipo, ambayo watu wa benki wameizoea kwa jina la MT103. Katikati ya maandishi yake utakuta mistari ya namna hii:

```
:32A:250314USD282,00
:33B:USD300,00
:71A:SHA
:71F:USD18,00
```

Mstari wa 33B ni kiasi alichoagiza mteja, 71F ni makato ya njiani, na 32A ni tarehe pamoja na kiasi kilichobaki. Tangu Novemba 2025 benki zimehamia muundo mpya wa ujumbe, kwa hiyo nakala ya sasa inaweza kuwa na sura nyingine, lakini mambo hayo manne bado yamo.

Tuendelee na mfano huo huo. Dola 282 zinapofika, benki ya hapa hukata ada yake ya kupokea, tuseme dola 10, zikabaki 272. Mkato wa tatu ndio unaoumiza zaidi kwa sababu hauitwi ada. Akaunti ya dada huyu ni ya shilingi, na benki huzinunua dola zake kwa bei yake yenyewe. Tuchukulie kwamba bei ya kati sokoni, yaani iliyo katikati ya bei ya kununua na ya kuuza, ni shilingi 2,600 na benki inanunua kwa 2,548. Anaingiziwa shilingi 693,056, ilhali dola 300 kwa bei ya kati ni 780,000. Karibu shilingi 87,000 zimeyeyuka, sawa na asilimia 11 ya jasho lake, na ninaona ni kosa kubwa kwamba hakuna anayemweleza mtu hivyo siku anapofungua akaunti.

Njia ya pili ni kampuni za kupokelea malipo ya kazi, kama Payoneer, ambayo Mtanzania anaweza kujisajili kwa kitambulisho chake. Akishakubaliwa anaweza kupewa namba za kupokelea dola, euro au pauni, na mteja hutuma kana kwamba analipa ndani ya nchi yake. Kwa mteja wa Ujerumani hapa kuna faida ambayo wengi huipita bila kuiona: ankara iandikwe kwa euro. Malipo ya euro ndani ya Ulaya hayapiti New York, na kwa sheria zao hayawezi kumgharimu mteja zaidi ya kutuma benki ya jirani. Vilevile anaepuka kubadilisha euro kuwa dola, jambo ambalo benki yake ilikuwa ikimtoza kimya kimya. Fedha hizo baadaye huhamishiwa kwenye akaunti ya benki ya Tanzania yenye jina lile lile la mwenye kazi, na hapo ndipo kampuni hukata asilimia yake.

Tofauti ya njia hizi mbili ni kwamba ya kwanza hukata kiasi kisichobadilika na ya pili hukata asilimia. Tuseme ya pili inakata asilimia 3 kwa jumla. Kwa malipo ya 300 ni dola 9 tu, dhidi ya 28 za SWIFT. Njia hizo hulingana kwenye dola 930 hivi, na juu ya hapo SWIFT ndiyo nafuu, ilimradi fedha ziingie kwenye akaunti ya dola. Zikiingia kwenye akaunti ya shilingi na benki ikachukua asilimia 2 kwenye bei ya kununua, mpaka huo husogea hadi dola 2,740 hivi. Kanuni za Machi 2025 zilizokataza kuuziana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi hazikuzuia kupokea malipo ya nje wala kuwa na akaunti ya dola.

PayPal nitaipitia kwa haraka, kwa kuwa akaunti ya Tanzania hulipa lakini haipokei. Wapo wanaomwomba ndugu wa Kisumu awafungulie ya Kenya, na mimi siwashauri hata kidogo: akaunti ikitiliwa shaka, salio linaweza kuzuiwa hadi siku 180, na anayeulizwa nyaraka ni ndugu, si wewe. Huduma zinazotuma moja kwa moja kwenye pochi ya simu huwa za haraka na bei yake huonekana mapema, lakini nyingi zimewekwa kwa ajili ya kutumiana ndugu na marafiki, na masharti yake hukataza malipo ya biashara. Mteja akiandika neno ankara kwenye maelezo, muamala unaweza kurudishwa.

Kuhusu zile siku sita, mara nyingi fedha huwa zimesimama kwenye ukaguzi, ama benki ya kupitishia ama hapa nyumbani. Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu na FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji wa fedha, Oktoba 2022 na kutolewa Juni 2025, na kipindi hicho kiliongeza maswali kuhusu asili ya fedha. Peleka mkataba na ankara tawini kabla hujaitwa, na hakikisha jina lililo kwenye malipo linafanana na la akaunti herufi kwa herufi. Siku ya tatu ikipita kimya, omba kwa mteja namba ya kufuatilia malipo iitwayo UETR, yenye herufi na tarakimu 36 pamoja na vistari vyake. Benki ya mteja ikiiingiza kwenye mfumo wake wa ufuatiliaji, kwa kawaida itaona ni benki ipi inazishikilia fedha hizo.